Kizibo cha Kioo Kilichong'ang'ania

*Chupa ya marashi aliyoniachia bibi haifunguki. Nimekizungusha kizibo chake cha kioo mpaka vidole vinauma. Nifanyeje nisiivunje? (Msomaji, Mikindani)*

Usiongeze nguvu, kwa kuwa kinachovunjika kwanza huwa ni shingo. Kizibo cha namna hiyo kimesagwa kikaendana na shingo yake, na mafuta ya marashi yakikauka katikati yao hugeuka kuwa gundi. Simamisha chupa juu ya taulo iliyokunjwa, kisha dondosha matone mawili matatu ya mafuta ya kupikia pale kizibo kinapoingia shingoni, uiache usiku kucha. Kioo kilichosagwa huonekana cheupe kama chenye ukungu. Ukiona weupe huo unafifia kuelekea chini, ujue mafuta yanapenya.

Asubuhi chovya kitambaa katika maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, ukikamue na kukizungushia shingo peke yake, bila kugusa kizibo. Kusudi ni shingo itanuke kabla joto halijafika ndani. Ukiitumbukiza chupa nzima, vyote viwili vitatanuka pamoja na hutapata nafasi. Baada ya nusu dakika hivi, shika chupa kwa taulo na ugonge kichwa cha kizibo kwa mpini wa mwiko, taratibu, upande huu kisha upande wa pili, ukielekeza pigo juu kidogo. Halafu jaribu kukizungusha, wala usikibinue kwa kisu. Kisipotoka, iache chupa ipoe, ongeza tone la mafuta na urudie. Chupa kongwe huweza kudai siku kadhaa, na afadhali kungoja. Ukisikia mlio mkavu wa kioo au ukiona mstari mpya shingoni, acha kabisa.

*Jirani amenishauri nipitishe shingo ya chupa ya manukato juu ya mshumaa. Ni salama? (Msomaji, Lindi)*

Hapana. Manukato mengi yana spiriti, na mvuke wake hushika moto upesi. Hata chupa ikiwa tupu, mwali huchoma sehemu moja tu ya kioo, nacho hupasuka kwa sababu upande mmoja umetanuka na mwingine bado. Maji yanayochemka yana hatari hiyohiyo, hasa kwa kioo kinene cha kristali.

*Jagi langu la sharubati lenye kizibo cha kioo limefunguka kwa maji ya uvuguvugu. Nizuieje lisikwame tena? (Msomaji, Mtwara)*

Sukari ndiyo iliyoligandisha. Futa shingo na kizibo kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya kumimina, na usizibe sharubati ikiwa ya moto, maana hewa iliyo ndani ikipoa hukivuta kizibo chini. Ukishaliosha, likaushe na ulihifadhi bila kuliziba. Ukiwa na majagi mawili, usibadilishane vizibo vyake. Kwenye majagi ya zamani mara nyingi utakuta namba ileile imechorwa kwenye kizibo na kwenye shingo.