Mshahara mkubwa nje, mbona akiba ndogo?

"Nina ofa mbili za miaka 2 nje. Moja 2,400 kwa mwezi najitegemea kila kitu, nyingine 1,200 wananipa nyumba na tiketi. Kila mtu ananiambia nichukue ya kwanza. Nyie mnaonaje?"

Mimi niliwahi kusaini mkataba wa 2,500 (dola) nikijiona nimetoka. Sikuuliza kama hiyo ni kabla au baada ya makato. Slipu ya kwanza ikaonyesha kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii vimekula 550. Nyumba 700, umeme, maji na intaneti 110, chakula na nauli 400, simu na vidogo vidogo 90. Nikabakiwa na 650. Kwa miezi 24 ni 15,600, bado si mbaya.

Kilichoniumiza ni gharama za mara moja, ambazo hazionekani kwenye hesabu ya mwezi. Viza na vipimo vya afya 300, tiketi ya kwenda 800, wiki 3 za nyumba ya wageni nikitafuta chumba 600, kitanda na vyombo 700, likizo moja nyumbani 1,100, tiketi ya kurudi 800. Jumla 4,300. Ikabaki 11,300, yaani kama 470 kwa mwezi. Na kabla sijaondoka nilikuwa naweka 250, kwa hiyo faida halisi ya kwenda mbali hivyo ilikuwa 220 tu.

Halafu kuna amana ya nyumba, miezi 2 ya kodi, na inalipwa kabla hujaona mshahara wowote. Mwenye nyumba wangu alirudisha nusu, akisema ukuta umechafuka. Hiyo hata sijaiweka kwenye hesabu.

Mkataba wangu wa pili ulikuwa wa 1,300, haukatwi kodi, nyumba na basi la kazini juu yao, tiketi pia. Nilikuwa natumia 400, naweka 900. Tulilala wawili chumba kimoja, hilo nalo lina gharama yake, usilidharau.

Sasa hiyo ya 1,200 isome kwa makini. "Nyumba itatolewa" si sawa na "posho ya nyumba": posho haipandi kodi ya pango ikipanda, na kuna nchi inatozwa kodi kama mshahara. Angalia pia mshahara wa msingi ni kiasi gani, maana malipo ya muda wa ziada na kiinua mgongo mara nyingi hupigwa juu ya msingi, si juu ya jumla. Mwisho, tafuta kifungu cha kuvunja mkataba. Wangu ulisema nikiondoka kabla ya mwaka, tiketi ya kuja nairudisha mimi, na ya kurudi najikatia.