Saa tatu ya nani? Ripoti ya malalamiko iliyonigombanisha na mafundi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Muheza kaniandikia: "Kaka, nimepewa daftari la malalamiko ya wateja nimfupishie meneja huduma. Nianzie wapi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyowahi kunitia aibu hapa Tanga.

Nilikuwa kwenye kampuni ndogo ya intaneti ya majumbani. Bosi wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alitaka ukurasa mmoja: wateja wanalalamikia nini, nini kinajirudia, na tunachukua muda gani kuwajibu. Shiti ya mwezi ule ilikuwa na mistari 84. Nikaona ni kazi ya asubuhi moja, na kweli hadi adhuhuri nilikuwa nimemaliza. Wastani wa muda wa kujibu ulitoka saa sita na ushee. Nikaupiga wino mzito, nikajiona mtaalamu.

Kesho yake mafundi waliitwa, wakasemwa mpaka basi. Mmoja wao, mtu mzima, alinifuata mezani taratibu. "Mdogo wangu, huyu mteja tulimpigia ndani ya nusu saa. Wewe umetuandikia saa sita na nusu. Umezitoa wapi?"

Nikaufungua ule mstari. Lalamiko limeingia 3:15, jibu limetoka 9:40. Hesabu ya kompyuta haikuwa na kosa. Ila 3:15 aliiandika binti wa mapokezi kwa mkono, yaani saa tatu na robo asubuhi kama tunavyosema sote. Hiyo 9:40 iliandikwa na mfumo wenyewe, nayo ni saa tatu na dakika arobaini. Dakika 25 tu! Saa sita zilizozidi ni tofauti ya saa yetu na saa ya mashine.

Kinyume chake pia kilikuwepo. Ujumbe wa WhatsApp umeingia 10:20, binti kaandika kuwa amejibu 4:50. Hapo Excel ilitoa `#####`, kwa sababu muda umekuwa hasi. Mistari ya namna hiyo mimi niliifuta, nikasema ni mibovu. Kwa hiyo nilifuta majibu ya haraka nikabakiza yaliyovimba. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Basi, ndugu yangu wa Muheza, kabla ya hesabu yoyote uliza kila safu inajazwa na nani, kwa saa ipi. Iliyoandikwa kwa mkono mchana iongezee saa sita:

```
=C2+TIME(6,0,0)
```

Ya usiku usiiamini fomula hiyo. Saa mbili usiku ni 20:00, na ukiiongezea sita hiyo mbili unapata 8:00 asubuhi. Mimi nilikuwa na mistari saba ya usiku, nikairekebisha kwa mkono.

Halafu achana na wastani. Chukua majibu matano: saa 1, 1, 2, 3 na 38. Wastani wake ni saa 9, na hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri saa 9. Namba ya katikati ni 2, na hiyo ndiyo hali ya mteja wa kawaida. Fomula ni `=MEDIAN(F2:F85)`. Yule wa saa 38 usimfiche. Mtaje peke yake, na malalamiko ambayo hayajafungwa uyaorodheshe pembeni na siku zake. Ukiyaacha nje, ofisi inayochelewa zaidi ndiyo itakayoonekana hodari.

Kuhusu kuyagawa malalamiko kwa mafungu, nitasema moja tu. Anacholalamikia mteja sicho chanzo. Mistari 31 ilisema "intaneti hakuna", nami niliiacha hivyo hivyo. Niliporudia nikaongeza safu ya pili, alichokikuta fundi, na 14 kati yake ikawa kitu kimoja: vichwa vya waya wa nje vimeliwa na chumvi ya bahari, shaba imeota ukijani. Na 14 hiyo ilitoka nyumba sita tu, zote upande wa Raskazone. Fundi anasafisha kichwa, mteja anapata mtandao, wiki mbili baadaye anapiga tena. Hesabu mistari, lakini hesabu na nyumba. Bosi alipoiona hiyo hakumsema mtu. Aliagiza vichwa vya kuzuia maji.

Ripoti ya pili ilionyesha saa moja na robo katikati. Waliosemwa wakasemwa bure, na watu wa namba tunapenda kusahau kwamba kuna mtu nyuma ya kila mstari.

Yule fundi nilimwomba radhi. Akasema yameisha. Lakini tukikutana kwenye kahawa kule Ngamiani, mpaka leo kikombe chake hanikubalii nimlipie.