Barua kwa mwanangu: ule ujumbe wako wa "nipigie"

"Mama, kwa nini unanitumia voisi ya dakika sita kwa jambo ambalo ungeliandika kwa mstari mmoja?"

Mwanangu,

Voisi tutaizungumza. Mimi kilichonikaa rohoni ni ule ujumbe wako wa Jumanne: "Ma nipigie." Basi. Salamu hakuna, sababu hakuna. Napiga, hupokei. Kumbe ulitaka namba ya fundi bomba! Mimi huku nilishajifunga kanga kiunoni, jirani ameshaitwa.

Kwenu ufupi ni kumwokolea mtu muda. Sisi ufupi tuliujua kwenye simu ya maandishi. Posta walitoza kwa kila neno, kwa hiyo salamu ndizo zilizokatwa kwanza. Na aliyefiwa ugenini hakuandikiwa "amefariki", asije akaanguka hana wa kumshika. Aliandikiwa "mgonjwa", akafunga safari, akaambiwa akishafika. Barua ilikuwa na nafasi: mimi mzima, hofu kwako, mihogo imestawi, ndipo inakuja "ila". Ukifika kwenye "ila" umeshakaa chini. Habari haiingii nyumbani bila kupiga hodi, nimekuambia tangu hujaanza shule.

Mwaka 1984 nafundisha Dodoma, nikaletewa simu ya maandishi ya mjomba wako: BABA MGONJWA NJOO HARAKA. Mwalimu mkuu alisoma, akanipa pole na ruhusa bila kuuliza swali. Walimu wakanichangia rambirambi. Nikapanda treni ya Kigoma, nikalia Manyoni, nikalia Itigi. Tabora mama mmoja aliyekuwa anauza asali aliniona, akakataa hela yangu. Kufika Uvinza machozi yamekauka, napanga tu nani atasema nini makaburini.

Babu yako nilimkuta barazani, amejifunika blanketi, anakunywa uji. Malaria. Akaniuliza, "Mbona umevaa nyeusi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikamkasirikia mjomba wako, na hasira ile sijaimaliza. Na zile rambirambi niliwarudishiaje walimu? Hilo usiniulize.

Sasa mtu atasema, mama, umejisomea mwenyewe kisichoandikwa. Sawa. Lakini mwalimu mkuu naye alisoma hivyo hivyo. Na ile voisi unayoilalamikia, najua unaikimbiza kwa spidi ya mbili, kwa hiyo ile dakika nzima ya kukuuliza hali inakupita. Mimi pale nilikuwa napiga hodi. Ingawa kweli, dakika sita... kuku wa jirani ningeweza kuwaacha.

Mjomba wako tukikutana bado anajitetea: alilipia maneno manne, na yote manne yalikuwa ya kweli. Baba alikuwa mgonjwa, na alitaka nije haraka. Hapo huwa nanyamaza, maana ni kaka yangu mkubwa na chai ni ya kwake. Lakini "si sana" ni maneno mawili tu, na mshahara alikuwa nao.

Mama yako