Kanda inakimbia? Pima spidi kwa mvumo wa stima

Mwezi jana senje, yaani shangazi yangu, alinipigia simu kutoka Mbale, kule Vihiga, akaniambia ile sauti nimemtumia si ya babu. "Mwanangu, huyu anaongea kama kijana wa sekondari. Na mbona anaharakisha hivyo? Baba hakuwahi kuharakisha neno maisha yake yote." Niliumia, juu kanda yenyewe ni ya harusi yake, Disemba 1987, na hiyo hotuba ya babu kanisani ndiyo sauti pekee tuliyobaki nayo ya mzee. Na mimi nilikuwa nimeshapima spidi nikaona iko sawa. Kumbe nilipima kitu kingine kabisa, na ndio maana naandika hii, juu naona watu wengi wanaotoa kaseti za wazazi wao kuweka kwa kompyuta watakosea palepale.

Kwanza uelewe kwa nini kanda inakimbia. Kaseti ya kawaida inafaa kupita kwa hedi sentimita 4.76 kila sekunde. Sasa ile radio kaseti ya harusi ilikuwa imewekwa mezani mbele, mbali na soketi, kwa hivyo ilirekodi kwa mawe ya betri. Mawe yakianza kuisha mota inapunguza spidi, kanda inapita pole pole, maneno ya sekunde moja yanabanwa kwa kipande kifupi cha kanda kuliko inavyotakikana. Ukija kuicheza kwa mashine yenye spidi sawa, kile kipande kifupi kinapita haraka na sauti inapanda. Yaani mashine iliyorekodi ikizembea, kanda ndiyo itakimbia. Na kwa vile mawe hayaishi kwa mpigo mmoja, mwanzo wa kanda unakuwa karibu sawa na mwisho unakuwa mbaya. Ukisikia mtu sauti yake inazidi kuwa nyembamba kuelekea mwisho wa upande, shuku mawe kabla hujashuku kitu kingine.

Lakini usianze na kanda ya harusi, anza na mashine yako wewe. Yangu niliipata kwa fundi pale Kibuye, Kisumu, na belti ya zamani ikilegea mashine inajikokota, hapo utakuwa unasahihisha kosa lako ukidhani ni la 1987. Nilichukua kaseti tatu za dukani ambazo nyimbo zake ninazo pia kwa CD, nikalinganisha urefu wa wimbo kutoka mdundo wa kwanza hadi wa mwisho. Wimbo wa sekunde 240 kwa CD ulinichukua 246 kwa kaseti, na zile zingine mbili zilichelewa karibu vilevile, kwa hivyo mashine ilikuwa nyuma kwa asilimia mbili na nusu hivi. Nilitumia tatu juu kaseti moja inaweza kuwa yenyewe ilitolewa vibaya kiwandani. Nikabadilisha belti, halafu mota nyingi huwa na katundu kadogo nyuma, ndani kuna skrubu, unaizungusha kiasi kidogo sana huku unapima tena, mpaka zikalingana.

Sasa kipimo chenyewe. Stima ya Kenya ni ya 50 Hz, na amplifaya yoyote ya zamani inayotumia stima huwa inavuma chini chini, mara nyingi kwa 100 Hz, ambayo ni mara mbili ya 50. Radio kaseti ya harusi ilikuwa kwa mawe, ndio, lakini spika za kanisa zilikuwa kwa stima, na zilivuma kanisa nzima bila kupumzika, na ile mvumo ikaingia kwa maikrofoni pamoja na babu. Hiyo ndiyo rula yako. Mvumo ulikuwa 100 siku ile, ukiukuta kwa kanda uko 105 basi kanda inakimbia kwa asilimia 5. Kwa sababu hiyo tafadhali usisafishe kelele kwanza. Najua inakera, najua mkono unawasha kubonyeza Noise Reduction ukisikia huo mvumo, lakini ukiufuta hapo mwanzo utakuwa umetupa kitu pekee kinachojua spidi ya kweli. Sahihisha spidi, halafu ndio usafishe. Na fanya kazi kwa kopi ya WAV, ile ya kwanza usiiguse.

Kwa Audacity, ile programu ya bure ya kuhariri sauti, unatafuta mahali hakuna mtu anaongea, sekunde tano hivi zinatosha, unachagua hapo halafu unaenda Analyze, Plot Spectrum, inakuchorea grafu, unaweka Size iwe 65536 ndio vilele visimame vyembamba, na ukisogeza mausi karibu na kilele itakuandikia kiko kwa Hz ngapi.

Hapa ndipo nilikosea. Nilipata kilele kizuri, kimesimama 100 kamili, mwanzo wa kanda hadi mwisho, nikasema kanda iko sawa nikamtumia senje. Kumbe huo ulikuwa mvumo wa kwangu Kondele, wa chaja ya leptop, unaingia kupitia waya ninapotoa sauti kwa kompyuta. Mvumo wa mashine yako haujali kanda inaenda kasi gani, utakaa 100 siku zote. Namna ya kuujua ni rahisi: sikiliza kile kipande cha mwanzo cha kanda ambacho hakishiki sauti, ama rekodi sekunde kumi kanda ikiwa imesimama. Mvumo ukiwepo hapo ni wako, si wa kanda. Nilichomoa chaja nikatumia betri ya leptop, nikaitoa kanda upya, kile kilele cha 100 kikapotea, na pembeni yake nikaona kingine kidogo ambacho mwanzoni sikuwa nimekijali. Hicho kilikuwa kinatembea.

Nikakipima upande mzima. Mwanzo kabisa kilikuwa 103. Dakika ya 10 kilikuwa 104, ya 20 kikawa 105, ya 25 kikaruka hadi 106.5, na mwisho, dakika ya 30 na sekunde 40, kilikuwa 109. Ona vile dakika za mwisho zinapanda haraka kuliko zote za nyuma, mawe yakielekea kukata roho ndio huwa hivyo. Na asilimia 9 si mchezo, ni kama kuimba toni nusu moja na nusu juu ya sauti yako. Senje alisikia vizuri.

Kama kanda ingekuwa imekosea kiasi kimoja tu mwanzo hadi mwisho, kazi ingekuwa ya dakika moja. Unagawanya 100 kwa ulichopata, tuseme 100 kwa 105 ni 0.952, unaenda Change Speed and Pitch unaweka hiyo kwa Speed Multiplier basi. Ama kama unatumia sox, programu ya kuandikia amri:

```
sox kanda.wav sawa.wav speed 0.952
```

Usitumie Change Tempo wala Change Pitch. Tempo inabadilisha haraka ya maneno na kuacha sauti vile ilivyo, Pitch inafanya kinyume, na kanda iliyokosea spidi imeharibu vyote viwili pamoja kwa kiwango kimoja, kwa hivyo lazima virudi pamoja. Ukitumia Change Pitch peke yake babu atakuwa na sauti nzito lakini bado anakimbizana na maneno, na mtu anayemjua atakuambia kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kusema ni nini.

Yangu ilikuwa inabadilika njiani, kwa hivyo nikatumia Time Track. Unaiongeza kwa menyu ya Tracks, Add New, inakuja na mstari mmoja umenyooka, na kwa Envelope Tool unabonyeza mstari pale unataka kuweka pointi kisha unaivuta juu ama chini. Kiwango chake cha kawaida ni kutoka asilimia 90 hadi 110, na mimi nilitoshea humo. Nikaweka pointi palepale nilipopima: mwanzo 97.1, dakika ya 10 nikaweka 96.2, ya 20 ikawa 95.2, ya 25 ni 93.9, na mwisho 91.7. Hizo zote ni 100 ukigawa kwa ule mvumo. Mstari wenyewe unaunganisha katikati polepole, na sauti na haraka vinashuka pamoja kama vile kanda ingefanya. Halafu nikatoa WAV mpya, nikaifungua, nikapima tena mahali nne ambapo sikuwa nimeweka pointi. Tatu zilisoma 100, ya nne karibu dakika ya 28 ilikuwa 100.6, nikaongeza pointi moja hapo. Upande wa dakika 30 na sekunde 40 ukawa wa dakika 32 na kitu, ambayo inaeleweka, mota ikizembea upande mmoja wa C60 unabeba muda mrefu kuliko ulioandikwa.

Mahali kipimo hiki hakifai: kama shughuli ilikuwa ya jenereta, juu jenereta ya matanga ama harambee inapanda na kushuka vile watu wanaongeza spika, huwezi kuiamini. Na kama ilikuwa chini ya mti na mawe tupu, hakuna mvumo kabisa. Hapo tafuta kinanda cha umeme kikilia, hicho hakilegei na mara nyingi kimetuniwa A ya 440, kuliko gita ama nyatiti ambazo mwenyewe alizituni alivyosikia yeye. Kanda iliyorekodiwa kutoka redio ni bahati, ukikuta zile pipi za saa za BBC, mlio wake ni 1000 Hz na kila moja inaanza sekunde moja baada ya nyenzake.

Nikamtumia senje upande A uliosahihishwa. Alinyamaza kwa simu mpaka nikadhani imekatika, halafu akasema, "Sasa huyu ni baba."

Upande B nilitaka kuuwekea mstari uleule, nikaona nipime kwanza. Mvumo ulikuwa 100, dakika ya kwanza hadi ya kumi na tano, haujasonga. Nikamuuliza senje mbona, akakumbuka palepale: walipogeuza kaseti, shemeji yake alituma kijana mbio dukani akanunue mawe mapya.