Kabla ya kununua pawabenki, punguza muda wa kioo kuwaka

Abiria wa treni ya Tabora kwenda Kigoma huwasha simu mara nyingi kuliko anavyodhani: saa ngapi, meseji imeingia, Kaliua tumeshapita? Akishaona, anailaza pajani na kioo kinaendelea kuwaka. Tuseme kimepangwa kujizima baada ya dakika 2 na ameitazama mara 40 bila kubonyeza kitufe cha kuzima. Hizo ni dakika 80 za mwanga usiotazamwa na mtu. Kwa sekunde 30, zingekuwa dakika 20. Saa nzima imeokolewa kabla hajafika Uvinza.

Kwa hiyo anza hapo: kwenye simu ya Android fungua `Settings`, kisha `Display`, kisha `Screen timeout`, uchague sekunde 30. Sekunde 15 hatuzipendekezi kwa msomaji, maana kioo huzima katikati ya aya, naye kwa hasira hurudisha dakika 10.

Kuna kosa moja linalosumbua wengi. Simu ikichomekwa kwenye pawabenki, kioo hakizimi kabisa, ingawa muda umepangwa vizuri. Angalia `Developer options`, menyu ya watengeneza programu iliyo ndani ya `Settings`: kama `Stay awake` imewashwa, ndiyo inayokiweka macho wakati wote wa kuchaji. Izime.

Baada ya hapo, nenda kwenye idadi ya mara ambazo kioo hujichora upya kwa sekunde. Kwenye simu nyingi ni `Display`, kisha `Refresh rate`. Samsung huiita `Motion smoothness`, na humo chagua `Standard`. Kwenye 120Hz kioo huchorwa mara 120 kila sekunde, na prosesa hulazimika kuandaa picha hizo unapopandisha na kushusha kurasa. Kwenye 60Hz kazi hiyo ni nusu. Usitarajie chaji idumu mara mbili, kwa sababu taa ya kioo na mtandao vinakula vilevile. Utakachopoteza ni ule ulaini wa kurasa zikiteleza. Video za kawaida hazibadiliki, kwani nyingi zina picha 30 au chini kidogo kwa sekunde. Simu isiyo na chaguo hilo kwa kawaida iko kwenye 60Hz tayari, hakuna cha kupunguza.

Ukubwa wa maandishi wenyewe hauli wala hauokoi chaji. Faida yake inapitia kwenye mwanga: anayeminya macho kusoma herufi ndogo hupandisha mwanga, na mwanga ndio mlaji mkubwa. Ongeza `Font size` hatua moja, kisha shusha mwanga polepole mpaka usomaji uanze kuwa mgumu, halafu urudishe kidogo. Usiguse `Display size`, hiyo hukuza kila kitu. Ukizidisha herufi, kwenye programu za benki maneno hukatika na kitufe cha kuthibitisha huweza kusukumwa chini ya kioo. Ukiliona hilo, rudi hatua moja.