Barua kwa mwanangu: uzamivu au kampuni ya mbegu

"Mama, kampuni ya mbegu hapa Arusha wananitaka kwenye timu yao ya utafiti wa mahindi, na profesa anasema nianze uzamivu moja kwa moja. Mimi mwishowe nataka kufundisha chuo. Nianze wapi?"

Mwanangu,

Mimi ningekuwa wewe ningechukua kazi ya kampuni, ila huku naomba uhadhiri msaidizi kila tangazo likitoka, na uzamivu ningeuanza nikishaajiriwa chuo. Ngoja nikueleze kwa nini.

Vyuo vyetu vya umma matangazo yao ukiyasoma vizuri utaona wanataka digrii ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8 na masta isiyopungua 4.0. Wewe zote unazo. Sasa wapo vijana wenye uzamivu mkononi na wanakwama hapohapo kwenye 3.8 ya digrii ya kwanza, kwa hiyo huo uzamivu haufungui mlango, mlango wako umeshafunguka tayari. Ukiingia kama mhadhiri msaidizi, chuo chenyewe ndicho kinakuruhusu uende kusoma, mshahara unaendelea, unasaini tu kwamba utarudi kufanya kazi, na ukimaliza kiti chako kipo. Anayesoma kwanza ndio atafute ajira baadaye anarudi na madeni, umri umesogea, anaanza kusubiri kibali cha ajira kama wengine wote.

Halafu angalia uzamivu wa mahindi wenyewe ulivyo. Kile chuo cha KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini, wenye programu yao ya uzalishaji wa mbegu kwa Waafrika, walipanga miaka mitano, miwili darasani Pietermaritzburg na mitatu shambani nchini kwako, na hiyo mitatu haikuwekwa kwa bahati mbaya. Msimu wa kwanza unachavusha: unavika mfuko kwenye gunzi kabla ndevu hazijatoka, unavika mwingine kwenye mbelewele, kesho yake asubuhi umande ukikauka unakusanya chavua na kuimwaga kwenye ndevu unafunika tena haraka, ukichelewa ndevu zikatangulia kuchomoza basi chavua ya jirani imeingia na mche huo hauna kazi. Msimu wa pili na wa tatu ndio majaribio, sehemu tofauti tofauti. Sasa kule Mbeya mvua ni msimu mmoja kwa mwaka, ikikatika wakati mahindi yanachanua umepoteza mwaka mzima na ufadhili haukusubiri. Kwa hiyo profesa akikuambia miaka mitatu muulize shamba lina umwagiliaji? Kama halina, wewe hesabu minne au mitano.

Kampuni kuna kitu chuo hakikupi. Pale utaona laini nyingi mno kwa mara moja, yaani yale mahindi wazazi yanayotunzwa safi ili kuchanganywa kupata hibridi, na utajifunza kutupa yasiyofaa, maana kazi kubwa ya mzalishaji wa mbegu ni kutupa, mwanafunzi wa uzamivu analea laini zake chache kama watoto hata zikiwa mbovu kwa sababu ndizo tasnifu yake. Utaona pia kwa nini hibridi inayotoa mavuno mazuri inakufa kwa sababu laini mama haitoi mbegu za kutosha na gunia linakuwa ghali. Hayo darasani tunayataja tu.

Ila hatari yake ndiyo hii, na naomba unisikilize. Data ni mali ya kampuni, na ukoo wa laini ni siri. Tuseme umefanya kazi nzuri kabisa kutafuta ukinzani dhidi ya MLN, ule ugonjwa wa virusi unaoua mahindi ulioonekana Bomet, Kenya, 2011, mmepeleka laini zenu kwenye kituo cha Naivasha zikapimwa, mmepata, halafu huruhusiwi kuandika hata makala moja. Chuoni kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi kunahesabiwa kwa makala, na miaka ya kimya haiongezi kitu hata kama mkulima anapanda mbegu yako. Mwenye uzamivu anaweza kwenda kampuni siku yoyote, kutoka kampuni kurudi chuo bila makala ndiko kugumu.

Kwa hiyo kabla hujasaini waulize, tena waandike kwenye mkataba: naruhusiwa kuchapisha laini zikitajwa kwa namba bila ukoo? Nani anatoa idhini, na ndani ya muda gani? Na je, nikiondoka kuna kipengele cha kunizuia kufanya kazi ya mahindi kwingine? Hicho cha mwisho kikiwepo na ni cha miaka miwili au zaidi, kataa au wapunguze, maana kinaweza kukuzuia hata uzamivu wenyewe.

Profesa mwambie ukweli tu kwamba unasubiri ajira, ni mtu mzima atakuelewa, na muombe muandike ile makala ya masta yako sasa hivi kabla hujaanza kazi, data bado ni yako. Mkataba ukiupata nipigie picha kurasa zote unitumie, niusome na baba yako jioni.

Mama