Kwa nini 3215031751 inalipita jaribio la Miller-Rabin, na ile robo ya kosa maana yake nini

Swali: Nimeandika programu ya Python ya kupima namba tasa kwa njia ya Miller-Rabin. Natumia a = 2, 3, 5 na 7. Rafiki yangu kaniambia nijaribu 3215031751, na kweli programu inasema ni tasa wakati inagawanyika kwa 151. Nikiirudia mara mia inasema hivyohivyo. Kama kosa ni robo kwa kila raundi, si ilitakiwa raundi nne zinidanganye mara 1 kati ya 256? Na nifanye raundi ngapi ili niiamini?

Jibu: Programu yako haina kosa la hesabu. Ile robo ni ahadi yenye sharti: kila `a` iokotwe kwa bahati nasibu, upya, baada ya namba `n` kuwa imeshawekwa mezani. Wewe umeshikilia 2, 3, 5 na 7 siku zote, kwa hiyo hakuna bahati yoyote inayochezwa. Kwa kila `n` jibu limeshaamuliwa, ama sahihi daima ama kosa daima. Na 3215031751 ndiyo namba ndogo kuliko zote zisizo tasa inayowapita hao wanne. Chini yake programu yako haijawahi kukosea wala haitakosea.

Tuifungue namba yenyewe, maana inaonyesha waziwazi robo inatoka wapi.

n = 3215031751 = 151 × 751 × 28351. Hatua ya kwanza ya jaribio ni kuiandika n − 1 kama 2^s × d, d ikiwa witiri. Hapa n − 1 = 3215031750, ukigawa kwa 2 mara moja tu unabaki na 1607515875, ambayo ni witiri. Basi s = 1 na d = 1607515875. Kwa kuwa s ni 1, hakuna kuendelea kupiga mraba baada ya hapo: shahidi `a` anaipitisha n iwapo baki la a^d kwa n ni 1 au n − 1, yaani −1. Vinginevyo n si tasa.

Sasa itazame a^d kwa kila kigawo peke yake. Chukua 151. Kwa `a` yoyote isiyogawanyika kwa 151, a^150 inaacha baki 1, kwa hiyo a^75 ni namba ambayo mraba wake ni 1. Kwa namba tasa, zenye sifa hiyo ni mbili tu, 1 na −1. Na d ni 75 × 21433545, kizidisho ambacho ni witiri, kwa hiyo a^d inabaki na alama ileile ya a^75. Hali ni hiyohiyo kwa 751, maana d ni 375 × 4286709, na kwa 28351, maana d ni 14175 × 113405. Kila `a` isiyo na kigawo cha pamoja na n inatoa alama tatu, moja kwa kila kigawo, na kila alama ni + kwa nusu kamili ya mabaki.

Alama tatu zinatoa mipangilio 8, yote ikiwa na uzito sawa. Baki kwa n zima ni 1 pale alama zote zikiwa +, na ni −1 pale zote zikiwa −. Hiyo ni mipangilio 2 kati ya 8, yaani robo. Mipangilio mingine 6 inaifichua n. Ukihesabu mashahidi waongo wa n hii, yaani `a` zinazoipitisha ingawa si tasa, utapata 797343750, sawa na asilimia 24.8 ya namba zote kuanzia 1 hadi n − 1. Inakosa robo kamili kwa sababu tu zipo `a` zinazogawanyika kwa 151, 751 au 28351, na hizo daima zinaifichua n.

Wako wanne wameangukia wapi? 2 na 5 wanatoa + + +, ilhali 3 na 7 wanatoa − − −. Wote wanne ni waongo. Na kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: alama zinazidishana. Kwa kuwa 2 ni + + + na 3 ni − − −, basi 6 ni − − −, naye mwongo. Kwa namba hii, kila namba inayojengwa kwa 2, 3, 5 na 7 ni shahidi mwongo: 4, 6, 8, 9, 10, 12, 14 na kuendelea. Ungeongeza 4, 6, 8, 9 na 10 ukidhani umefikisha raundi tisa, usingepata chochote. Mashahidi uliowachagua kwa mpangilio wana undugu, na ushahidi wa ndugu hauwezi kuzidishwa robo kwa robo.

Shahidi wa kwanza mkweli ni 11. Jaribu:

```python
>>> pow(11, 1607515875, 3215031751)
2129160099
```

Si 1 wala 3215031750, basi n si tasa. Alama zake ni + − −, ndiyo maana ukitoa 1 na kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 2129160098 na n, unapata 151 yenyewe.

Pale s inapokuwa kubwa ndipo kupiga mraba mara kwa mara kunapofanya kazi yake. Chukua 561 = 3 × 11 × 17. Hapa 560 = 2^4 × 35. Kwa a = 2, 2^35 inaacha 263, mraba wake 166, kisha 67, kisha 1. Jaribio la Fermat, ambalo hupima tu kama a^(n − 1) inaacha baki 1, linaona ile 1 ya mwisho tu, kwa hiyo linadanganywa na kila `a` isiyo na kigawo cha pamoja na 561, na hizo ni 320. Miller-Rabin linaangalia kilichotangulia: 67 si −1, lakini mraba wake ni 1, na jambo hilo haliwezekani kwa namba tasa. Waongo wanashuka kutoka 320 hadi 10.

Michael Rabin alithibitisha mwaka 1980 kuwa hakuna namba witiri isiyo tasa ambayo waongo wake wanazidi robo. Kwa nyingi wako pungufu mno, kama ulivyoona kwa 561. Yako ni ya upande mbaya kabisa, karibu na kikomo chenyewe.

Marekebisho basi ni haya:

```python
import secrets

def huenda_tasa(n, raundi=40):
    if n < 4:
        return n in (2, 3)
    if n % 2 == 0:
        return False
    d, s = n - 1, 0
    while d % 2 == 0:
        d //= 2
        s += 1
    for _ in range(raundi):
        a = 2 + secrets.randbelow(n - 3)
        x = pow(a, d, n)
        if x in (1, n - 1):
            continue
        for _ in range(s - 1):
            x = x * x % n
            if x == n - 1:
                break
        else:
            return False
    return True
```

Nimetumia `secrets`, si `random`, kwa makusudi. Mtu anayeweza kutabiri `a` zako anaweza kukuundia `n` ya kuzipita. François Arnault alichapisha mwaka 1995 namba isiyo tasa yenye tarakimu 397 inayowapita mashahidi wote tasa walio chini ya 307. Orodha isiyobadilika, hata iwe ndefu, haikulindi na namba iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Isipokuwa kwa namba ndogo. Kwa zilizo chini ya 2^64, mashahidi 12 wa kwanza tasa, kuanzia 2 hadi 37, wanatoa jibu la hakika, kwa sababu namba ndogo kuliko zote inayowapita wote inazidi 2^64 kwa mbali. Kama kazi yako haivuki hapo, watumie hao na usahau uwezekano. Hakikisha tu `a` ni ndogo kuliko `n`.

Sasa raundi ngapi. Kwa `a` za nasibu, namba isiyo tasa inazipita raundi t kwa uwezekano usiozidi 1/4^t. Raundi 10 ni chini ya 1 kwa 1048576, na raundi 40 ni 1 kwa 2^80. Lakini sentensi hii isigeuzwe. Haisemi kwamba namba iliyopita ina uwezekano wa 1/4^t wa kutokuwa tasa. Ili kusema hilo ni lazima ujue namba ilitoka wapi. Ukiokota witiri za biti 1024, tasa ni kama moja kwa 355. Kwa raundi moja, tukishika robo kama ilivyo, zile 354 zingeweza kupitisha karibu 88 za uongo dhidi ya tasa moja ya kweli.

Hali halisi ni nzuri mno kuliko hapo, kwa kuwa namba mbaya kama yako ni adimu. Damgård, Landrock na Pomerance walionyesha mwaka 1993 kuwa ukiokota witiri za biti k hadi moja ipite raundi moja, uwezekano kwamba si tasa ni chini ya k^2 × 4^(2 − √k). Weka k = 1024: 2^20 × 4^(−30), yaani 2^(−40), kwa raundi moja tu. Kwa hiyo anayeziokota mwenyewe kwa uaminifu anatosheka na raundi chache. Aliyeletewa namba na mtu mwingine hana haki ya kutumia hesabu hiyo. Yeye ana robo peke yake, na mimi kwake sishuki chini ya 40, au 64 akitaka 2^(−128).

Ukihamishia C, angalia `x * x`: kwa namba za biti 64 zao lake linafika biti 128, na likikatwa kimyakimya utaanza kuambiwa kuwa namba tasa si tasa. Hiyo ndiyo dalili ya kukamata, kwa sababu jaribio hili linakosea upande mmoja tu. Namba tasa ikikataliwa hata mara moja, kosa liko kwenye programu, si kwenye bahati. Tumia `__int128`, kisha pima na 2^61 − 1, ambayo ni tasa.

Upande wa pili upime na namba yako hiihii: endesha `huenda_tasa(3215031751, 1)` mara 10000 na uhesabu `True`. Tarajia takriban 2480. Ukiwa kati ya 2350 na 2610, `a` zako zinaokotwa sawasawa. Ukipata 0 au 10000, hakuna unasibu unaofanyika.